Siti ya koki iliyoganda ukutani: kabla hujavunja vigae

*"Fundi, habari za kazi. Koki ya bafuni kwa wazazi wangu hapa Jinja, upande wa maji baridi, inadondosha maji usiku kucha. Nimebadilisha washa mara mbili, bado. Fundi mmoja aliichungulia akasema siti imeliwa na kutu, na dawa yake ni kuvunja ukuta tuweke koki mpya. Nyumba ni ya zamani, koki imezikwa ukutani na vigae vya aina ile havipatikani tena. Shemeji yangu alinitumia kutoka Marekani ufunguo wa kutolea siti, kile chuma chenye umbo la L. Nilipouzungusha uliteleza, na sasa tundu la siti limeanza kuwa duara. Niupige kwa nyundo? Niipashe moto wa gesi? Au fundi alisema kweli?"*

Ndugu yangu, nyundo ya nguvu hapana, na moto wa gesi usiufikishe kwenye ukuta huo kabisa. Fundi wako alisema kweli kuhusu siti, yaani ule ukingo wa shaba ambao washa ya mpira hukaa juu yake kuzuia maji, lakini kuvunja ukuta bado ni mapema. Kuna hatua kadhaa kabla ya hapo, na nyingi unaweza kuzifanya mwenyewe ukiwa na subira ya siku mbili hivi.

Kwanza weka ule ufunguo chini, uchukue tochi. Funga maji, toa kichwa cha koki, halafu mulika ndani uangalie tundu ambalo maji hupitia. Unatafuta pembe. Siti inayotoka ina tundu la pembe nne au pembe sita, maana ufunguo lazima upate mahali pa kushika. Siti isiyotoka ina tundu la duara safi tangu kiwandani, kwa sababu imemiminwa pamoja na bodi ya koki na haina tredi yoyote. Koki nyingi zinazouzwa katika maduka yetu, hasa zile za nusu inchi za uani na za sinki, ni za aina hii ya pili. Mwenye koki ya namna hiyo akilazimisha ufunguo ataharibu tundu bure, kwa kuwa hakuna kitu cha kufunguka. Yako, kwa maelezo yako, ilikuwa na pembe na sasa zinalika, kwa hiyo inaelekea ni ya kutoka. Hata hivyo hakikisha: sugua ukingo wa tundu kwa mswaki mkavu, kisha hesabu pembe zilizobaki.

Kuhesabu huko kuna faida nyingine. Ufunguo wako wa L una ncha mbili, na kwa kawaida moja ni ya pembe nne na nyingine ya pembe sita. Zote zimechongwa zikipungua unene kuelekea mwisho, ili ncha moja itoshee matundu ya ukubwa tofauti. Mtu akiingiza ncha ya pembe nne katika tundu la pembe sita, itaonekana kama imeshika. Akizungusha, inakwangua kona mbili tatu na kuteleza. Kosa jingine linalofanana na hilo ni uchafu: mchanga na utando wa kijani hujaa ndani ya tundu, ncha haifiki mahali inapobana, na nguvu yote inaangukia milimita moja ya ukingo. Nadhani moja kati ya haya mawili ndilo lililokupata, na kama ni hivyo bado zimebaki pembe za kutosha upande wa ndani ambako ufunguo haujafika.

Sasa tuelewane kuhusu kinachotokea ndani ya koki hiyo, kwa sababu ndicho kinachoamua ufanye nini. Koki ya kukaza hufanya kazi kwa kugandamiza washa ya mpira juu ya ukingo mwembamba wa shaba, na ukingo huo ndio siti. Washa ikiisha na watu wakaendelea kuitumia, maji hupenya mahali padogo kwa kasi kubwa, saa ishirini na nne, yakibeba chembe za mchanga. Hatimaye maji hayo huchonga mfereji mwembamba kukatisha ukingo. Ukiweka washa mpya, mpira hauwezi kujaza mfereji huo wote. Unakaza zaidi, maji yanakatika siku tatu, mpira unakatwa na ule ukingo mbovu, na matone yanarudi. Ndiyo maana washa zako mbili hazikusaidia.

Ushahidi unao mkononi. Chukua washa uliyoitoa mara ya mwisho uitazame usoni. Washa iliyokaa juu ya siti nzima huwa na alama ya duara kamili, yenye kina sawa pande zote. Kama duara limekatika mahali, au kuna mstari unaokwenda kutoka katikati kuelekea nje, hapo ndipo mfereji ulipo. Kama duara ni kamili kabisa, simama: huenda siti ni nzima na kosa liko kwingine, kwa mfano shina la koki limechakaa tredi na haliwezi tena kusukuma washa mpaka chini.

Kuna ugonjwa wa pili unaokuja pamoja na huo, nao ndio unaofanya siti igande na kumeguka. Shaba ya njano inayotumika kutengenezea koki ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na katika nyingi zinki hufika asilimia 35 hadi 40. Maji hukaa nayo miaka na miaka, yanainyonya zinki taratibu na kuacha shaba nyekundu iliyojaa vitundu, isiyo na nguvu. Kwa macho siti hubaki na umbo lake. Ukiikwangua kwa ncha ya sindano utaona rangi: njano inayong'aa maana yake chuma bado ni kizima, waridi au nyekundu iliyopauka maana yake zinki imekwenda na kilichobaki kitavunjika kama biskuti. Fanya jaribio hilo kabla ya jambo lolote lingine. Siti ya njano iliyoganda tutaifungua. Siti ya waridi tutaitoa vipande vipande, na njia yake ni nyingine.

Hapa nakuomba uniamini kwa jambo moja linalowatesa watu wengi: usitoe siti kabla hujajua utarudisha nini. Ikishatoka, koki haifungi tena, na kama nyumba ina valvu moja tu pale kwenye mita, familia nzima itakosa maji mpaka upate nyingine. Katika maduka yetu siti moja moja hazipatikani kirahisi. Wauzaji wamezoea kuuza koki nzima au kichwa chake. Kwa hiyo una njia tatu. Kama jina la kiwanda linasomeka kwenye koki, shemeji yako anaweza kutafuta siti za aina hiyo kule alipo, maana kule zinauzwa rejareja. Njia ya pili ni fundi wa kukereza vyuma. Katwe pale Kampala, na hata hapo Jinja kwenye karakana za eneo la viwanda, wapo mafundi wanaoweza kukereza siti kutoka kipande cha shaba, ila watahitaji ile ya zamani kama kielelezo, hata ikiwa imevunjika. Ukichagua njia hii nunua kabisa kifuniko cha tredi cha kuziba bodi ya koki kwa muda, ili wazazi waendelee kupata maji sehemu nyingine za nyumba.

Njia ya tatu ni kutoitoa siti hata kidogo. Kuna kifaa cha kusagia siti: kigurudumu kidogo chenye meno mwisho wa shina, ambacho hufungwa mahali pa kichwa cha koki na kuzungushwa kwa mkono. Kinasawazisha ukingo ulioliwa pale pale ulipo. Watu hudhani ni cha siti zisizotoka tu, lakini siti ya kutoka iliyoganda nayo inasagika vilevile. Kama sindano imekuonyesha njano na mfereji si wa kina, mimi ningeanza na hiki kabla ya kuhangaika na ufunguo. Zungusha raundi mbili tatu kwa mgandamizo mdogo, toa, futa, mulika. Ukiona duara linalong'aa limezunguka bila kukatika, acha hapo hapo. Ukingo ni mwembamba, na ukiendelea kusaga kwa kutaka urembo utaumaliza. Kwa siti ya waridi njia hii haifai, kwa sababu meno yatakuwa yanamomonyoa chuma kisicho na nguvu, na mfereji mwingine utachongeka baada ya muda mfupi.

Tuseme umepata siti ya kurudisha, au umeamua kwenda kwa fundi wa kukereza, na sasa unaitoa. Funga maji pale kwenye mita. Lakini nyumba nyingi za kwetu zina tangi juu ya paa au kwenye mnara, na valvu ya mita haizuii maji ya tangi. Funga na ile ya tangi, kisha fungua koki ya chini kabisa ya nyumba mpaka iache kutiririka. Kama ingekuwa upande wa maji moto ningekwambia pia uzime umeme wa hita na usubiri maji yapoe. Ziba tundu la kutolea maji bafuni kwa kitambaa, kitakachoanguka kisipotelee humo.

Safisha tundu vizuri. Kijiti cha mbao kilichochongwa kinatosha kuondoa mchanga na ule utando wa kijani, na mswaki unamalizia. Baada ya hapo yanakuja mafuta ya kulegeza kutu. Koki yako imelala ukutani, na ukipuliza mafuta yatatiririka nje bila kufika penye tredi. Chukua pamba kidogo, iloweshe, uisokote iwe kama pete, kisha uibane kuzunguka ukingo wa siti pale inapokutana na bodi. Iache usiku kucha, uiloweshe tena asubuhi. Mafuta yanapenya nywele kwa nywele na hakuna njia ya kuyaharakisha. Kwa kuwa hii ni koki ya kuogea na utaiosha kwa maji mengi baadaye, sina wasiwasi nayo. Koki ya maji ya kunywa ningeifanyia kwa mafuta machache zaidi na kuiosha kwa muda mrefu zaidi.

Kuhusu joto, nieleze kwa nini nimekataa gesi. Nyumba za zamani zina mabomba ya chuma yaliyofungwa kwa katani na rangi kwenye maungio. Moto ukifika huko katani inaungua, na utakuwa umetibu tone moja bafuni na kuanzisha mvujo ndani ya ukuta usiouona. Kama bomba liliwahi kubadilishwa likawa la plastiki, ni hatari zaidi. Vigae navyo hupasuka, na mafuta uliyoweka yanashika moto. Joto linalofaa ni la maji ya birika: chovya kitambaa kinene ndani ya maji yanayochemka, kibebe kwa koleo, ukifunge kwenye shingo ya koki iliyojitokeza nje ya kigae. Siti na bodi zote ni shaba, kwa hiyo zikipata joto sawa zinatanuka sawa na hujapata kitu. Faida iko katika ile dakika ya kwanza ambapo bodi imepata joto na siti bado ni baridi. Rudia mara chache, ukiweka pamba yenye maji baridi ndani ya tundu la siti wakati kitambaa cha moto kiko nje. Usitarajie muujiza. Linalegeza kidogo na kusaidia mafuta kuingia.

Sasa ufunguo. Chagua ncha inayolingana na pembe ulizohesabu, isukume mpaka mwisho, kisha ukigonge kisigino chake kwa nyundo ndogo mara mbili tatu. Hii si ile nyundo uliyoniuliza. Ni kugonga kwepesi kunakosaidia ncha kukaa ndani na kutikisa ganda la kutu kwenye tredi. Mtu wa pili ashike shingo ya koki kwa spana iliyozungushiwa kitambaa, aizuie isizunguke. Msaidizi huyo si wa hiari. Nguvu utakayotumia inakwenda moja kwa moja kwenye ungio la koki na bomba la chuma ndani ya ukuta, na ungio hilo lina umri sawa na siti.

Sukuma ufunguo kwa ndani kwa mkono mmoja muda wote, na kwa mwingine jaribu kwanza kukaza, kuelekea kulia, nywele moja tu. Mara nyingi ganda la kutu hukatika kwa mwendo huo mdogo. Kisha geuza kushoto. Usiongeze kipande cha bomba kwenye mkono wa ufunguo ili upate nguvu. Urefu wake umepimwa kwa kazi hii. Zingatia unachokisikia mkononi. Siti inayofunguka hukataa kabisa, halafu huachia ghafla kwa mlio mkavu, na baada ya hapo huzunguka kwa ulaini. Siti inayochanika huzunguka polepole kama udongo mbichi, bila mlio. Ukisikia ulaini huo kabla ya mlio, acha, toa ufunguo, utazame ncha yake. Vumbi la waridi kwenye ncha linakwambia pembe zinamomonyoka na ufunguo huu umemaliza kazi yake.

Pembe zikiisha, kifaa kinachofuata ni king'oa siti: chuma kigumu chenye umbo la koni na meno yaliyojipinda kinyume, hivi kwamba kadiri unavyozungusha kushoto ndivyo kinavyojichimbia ndani ya shaba na kuibeba. Tundu kuwa duara si tatizo kwake, bali ndivyo kinavyopenda. Hatari zake ni mbili. Koni ikiingia kwa nguvu nyingi inatanua siti kwa nje, na siti nyembamba ikitanuka inazidi kubana tredi unazotaka iziachie. Kwa hiyo kiingie kwa kiasi cha kushika tu. Hatari ya pili ni kuvunjika: chuma chake ni kigumu na hakipindi, na kipande kikibaki ndani huwezi kukitoboa kwa keekee ya kawaida. Kizungushe kwa mkono ulionyooka sawasawa na tundu, bila kukiinamisha upande wowote.

Nikupe mfano wa kazi inayofanana na yako, koki mbili za bafu katika nyumba ya zamani huko Entebbe. Upande wa baridi siti ilikuwa ya njano. Tuliiwekea mafuta jioni, asubuhi tukaifunga kitambaa cha moto, na ufunguo wa pembe sita ukaifungua kwa mlio ule ule niliokueleza. Upande wa moto hadithi ilikuwa nyingine. Sindano ilizama kwenye ukingo wake bila kupata upinzani, na rangi ilikuwa waridi mpaka ndani. Ufunguo ulikwangua pembe mara moja tu. King'oa kilishika, kikazunguka robo, na uso wote wa siti ukatoka ukiwa pete nyembamba, huku sehemu yenye tredi ikibaki ndani ya bodi.

Hili ndilo jambo ambalo watu hulitazama wakasema koki imekufa. Kilichobaki ndani kilikuwa mkufu mwembamba wa shaba dhaifu, na udhaifu ule ule uliouvunja ndio uliotusaidia kuutoa. Tulichukua kipande cha ubapa wa msumeno wa chuma, tukakizungushia kitambaa upande mmoja kiwe mpini, tukakata mkufu kutoka ndani kuelekea nje mahali pawili palipokaribiana. Kila baada ya mikwaruzo michache tulimulika. Rangi ilikuwa waridi, waridi, kisha ikatokea nukta ya njano: hiyo ni tredi ya bodi yenyewe, na hapo tukaacha kukata. Kipande kidogo kati ya mikato miwili kilisukumwa ndani kwa ncha ya bisibisi nyembamba, kikaanguka, na mkufu uliobaki ukapoteza mbano wake. Tuliukunja kuelekea katikati kwa koleo la mdomo mrefu, ukatoka. Tredi za bodi zilikuwa na mkwaruzo mmoja mdogo usiofika chini. Fundi wa kukereza alichukua siti ya upande wa baridi kama kielelezo, akatengeneza mbili.

Umeona kwa nini nasisitiza ile sindano. Ingekuwa siti ya njano, kukata kwa msumeno kungekuwa hatari, kwa sababu siti na bodi zina rangi moja na huwezi kujua mpaka ulipo. Kwa siti ya njano iliyopoteza pembe ningerudi kwenye mafuta siku nyingine mbili, nikajaribu king'oa tena, na ikigoma ningesaga ukingo wake na kuiacha ilipo.

Siti mpya ikipatikana, usiiamini kwa kuitazama. Izungushe kwa vidole kwenye kipande cha zamani au katika bodi yenyewe, kavu, bila ufunguo. Inapaswa kuingia raundi mbili kwa vidole tu. Tredi zinazokaribiana lakini si sawa huanza vizuri, hubana kwenye raundi ya pili, na mwenye haraka akiongeza ufunguo anaharibu bodi ya shaba isiyobadilishika. Safisha tredi za ndani kwa mswaki wa waya laini, zioshe mafuta ya jana, paka grisi nyembamba ya mafundi bomba isiyo na sumu. Tepu nyeupe sishauri hapa, maana hukunjamana na kuinua siti upande mmoja. Bandika siti kwenye ncha ya ufunguo kwa grisi kidogo isianguke, iingize, ianze kwa mkono, na mwisho ikaze kwa nguvu ya kifundo cha mkono tu. Weka na washa mpya. Ile iliyowahi kukaa juu ya siti mbovu ina kovu lake tayari.

Unapofungulia maji, fungua ile valvu ya mita kidogo kidogo huku koki ikiwa wazi, ili mchanga uliotikisika kwenye mabomba ya chuma utoke nje badala ya kunaswa chini ya washa. Yaache yakimbie mpaka yawe safi na harufu ya mafuta iishe. Kisha funga koki kwa vidole viwili. Siti mpya haihitaji kukazwa kwa nguvu, na kama inahitaji, kuna kitu hakikukaa sawa.

Sasa mambo ya kukufanya uache na kumwita fundi aje aone kwa macho. La kwanza ni bodi ya koki kuzunguka hata kidogo ukutani, hata kama hakuna maji yaliyoonekana. Ungio la ndani limeguswa, na lazima lipimwe kwa maji yenye presha kabla hujaliacha. La pili ni rangi ya waridi kwenye bodi yenyewe, si kwenye siti tu. Kwangua shingo kwa ndani uone. Bodi iliyonyonywa zinki itapasuka leo au mwaka ujao, na siti mpya haitaiokoa. Katika hali hiyo fundi wako wa kwanza atakuwa na haki, na koki itatoka. La tatu ni tredi za bodi kufutika. Kabla ya kukubali ukuta uvunjwe, mwulize fundi kama upande wa nyuma wa ukuta ni chumba au stoo yenye plasta tu. Ukuta unaweza kufunguliwa kutoka huko, koki ikabadilishwa kwa nyuma, na vigae vya wazazi wako vikabaki salama isipokuwa tundu la shingo ya koki. Plasta inazibika kwa siku moja.

Na kama ingekuwa koki ya uani iliyofungwa nje kwenye bomba, nisingekuandikia haya yote. Ile unaifungua kwa spana, unaweka nyingine, basi.

Anza na sindano na ile washa ya zamani. Ukituma picha ya hizo mbili, na ya tundu la siti likiwa limesafishwa, nitakwambia kama ni ya kusaga au ya kutoa.